Nevi, kijivu, jango grini na kaki: vile unapanga nguo za mwanaume ndio karibu kila shati iingie na kila suruali

Hizi rangi nne, nevi bluu, kijivu, jango grini na kaki, watu husema hazigombani. Hiyo ni kweli nusu. Unaweza kuwa na zote nne kwa kabati na bado asubuhi ukose cha kuvaa, kwa sababu kijivu chako kimekoza mpaka kinakaribia nevi, kaki yako imeingia rangi ya machungwa, na ile jango grini uliichukua kwa haraka ukifika nyumbani ukapata ni kijani ya njano njano. Jina la rangi ni mwanzo tu. Kitu kinafanya nguo ziingiane ni vile kila moja imekoza ama imepauka ukilinganisha na zingine, na hiyo unaweza kuipanga kabla hujatoa shilingi mfukoni.

Nitaeleza nikitumia nguo za binamu yangu. Ni kijana ameanza kufundisha sekondari huko Vihiga, wikendi anarudi Kisumu, na alitaka nguo chache ambazo zitambeba darasani, kanisani, matangani na akitembea tu mjini. Kulikuwa na jambo moja gumu: wanafunzi wa hiyo shule wanavaa suruali ya kijivu, shati nyeupe na sweta ya nevi. Yaani rangi mbili kati ya zile nne tayari ziko na wenyewe. Tutafika hapo.

Hatua ya kwanza: kila rangi ipe daraja yake ya giza

Jicho la mtu akikuangalia kwa mbali halianzi na rangi, linaanza na giza na mwanga. Shati na suruali zikiwa na giza sawa, hata kama moja ni ya kijani na ingine ni ya bluu, unaonekana ni kama ulitaka kuvaa suti ukakosa. Sasa dawa ni kuamua mapema kila rangi itakaa wapi na usiihamishe.

Nevi ndio iwe nyeusi kuliko zote, ile bluu ya usiku, sio bluu ya kalamu. Jango grini ifuate, iwe imekoza lakini ukiiweka juu ya nevi uone mara moja kwamba hizi ni nguo mbili. Kijivu kije katikati, kile cha simiti iliyokauka, na hapa ndio watu wengi hukosea, wananunua kijivu cheusi cheusi kwa sababu kinaficha uchafu. Kijivu kama hicho ni kizuri ukiwa nacho na shati nyeupe pekee, lakini ukikiweka chini ya polo ya nevi vinamezana. Mwisho kaki, iwe nyepesi kuliko zingine zote, lakini ukiiweka kando ya karatasi nyeupe bado ionekane ni ya mchanga na sio krimu.

Kama huamini macho yako, tandaza nguo zako kitandani karibu na dirisha, piga picha na simu halafu uigeuze iwe ya nyeusi na nyeupe. Rangi zikishatoka inabaki giza na mwanga tu. Mbili zikionekana sawa kwa hiyo picha, hizo usizivae juu na chini, hata kama kwa macho zinakaa poa. Nimeona hii picha ikimaliza ubishi ambao maneno yameshindwa, hasa kwa mtu anaapa kijivu chake ni chepesi.

Hatua ya pili: angalia rangi iliyojificha ndani

Hakuna kijivu ambacho ni kijivu tupu. Kingine kina bluu ndani, kingine kina udongo. Nevi zingine zina zambarau, na huonekana zaidi zikianza kupauka. Jango grini ndio ina vituko zaidi, iko ya njano njano, iko ya kahawia, iko ya kijani kabisa kama majani. Na kaki inaweza kuwa na njano, machungwa, ama uwaridi kidogo ambao dukani huuoni.

Chagua hivi: nevi isiyo na zambarau, kijivu chenye bluu kidogo ama kisichoegemea popote, jango grini iliyofifia kama imechanganywa na kijivu, na kaki ya mchanga isiyo na machungwa. Ukichukua zile zimefifia, zote nne zinakuwa na upole mmoja, na hiyo ndio sababu zinakubali kukaa pamoja. Ukiingiza moja inang'aa, kwa mfano kijani ya majani, ile moja itaangaliwa na zingine zitaonekana chafu.

Halafu jua hili moja na litakusaidia maisha. Nevi na kijivu ziko upande wa baridi, jango grini na kaki ziko upande wa joto. Ukichukua moja huku na moja kule, mavazi yanachangamka bila kujaribu: nevi na kaki, kijivu na jango grini. Ukichukua mbili za upande wa baridi, nevi na kijivu, ni safi lakini ni ofisi kabisa. Na mbili za upande wa joto, jango grini na kaki, zinakaa mtu wa porini, hizo nazo zinataka kitu cheupe ama bluu nyepesi kati yake, hata kama ni tisheti tu inaonekana shingoni.

Hatua ya tatu: kununua, hasa kama ni mtumba

Soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili kuna nguo za kutosha hizi rangi zote, shida ni mwangaza. Vibanda vingi viko chini ya turubai, na turubai ya bluu inapaka kila kitu bluu. Chini yake nyeusi inakaa nevi na kaki inakaa kijivu. Ya machungwa nayo inapendeza kila kaki na kuharibu kila kijivu. Kwa hivyo usiamue ukiwa ndani.

Siku tulikuwa tunatafuta ile suruali ya kwanza, binamu aliinua moja akauliza, "Mama, hii ni nevi ama nyeusi?"

"Nevi hiyo, kastoma, na ni kamera, bado kama mpya, angalia vizuri."

"Naomba niitoe nje kidogo niione."

"Toa tu, lakini usipotelee huko na mali yangu."

Akaitoa mpaka penye jua, akaweka kando ya mshipi wake mweusi. Ilikuwa nyeusi. Nevi ya kweli ukiiweka kando ya kitu cheusi juani, bluu inajitokeza yenyewe hapo hapo, huna haja ya kukaza macho. Hakuna mtu alikuwa anamdanganya, hata mama mwenyewe alishangaa, amekaa chini ya hiyo turubai tangu asubuhi. Akatuchimbulia ingine chini ya rundo, na hiyo ikawa nevi.

Ukisharidhika na rangi, kunja pindo la chini uangalie ndani, ama ingiza mkono mfukoni uvute kitambaa kidogo. Pale jua halijafika ndio rangi ya asili. Linganisha na goti na mapaja. Tofauti ikiwa kidogo ni sawa, hata jango grini iliyopauka kidogo ni nzuri kuliko mpya. Ikiwa kubwa, jua kwamba imebakisha maisha mafupi na itaendelea kupauka bila mpango, goti moja mbele ya lingine.

Kingine cha kuangalia ni uzi wa kushonea. Nguo nyingi za pamba zimeshonwa na uzi wa poliesta, na dai ya pamba, ile rangi ya kuchovya nguo, haishiki poliesta. Sasa kama suruali ni nevi imekoza vizuri lakini uzi ni wa kahawia ama umepauka vibaya, na ile lebo ya ndani nayo imeingia bluu, kuna uwezekano mkubwa hiyo imepigwa dai upya. Si dhambi, lakini huenda ikachuja. Lowesha kona ya leso nyeupe, sugua ndani ya mkanda mara chache kwa nguvu. Leso ikitoka na bluu nyingi, iache, itapaka shati yako nyeupe na kiti cha matatu pia.

Hatua ya nne: anza na suruali, halafu shati

Wengi huanza na shati kwa sababu ndio zinavutia. Anza chini. Suruali nne, moja ya kila rangi, ndio msingi, na mpangilio wa kununua ni nevi, halafu kaki, halafu kijivu, jango grini iwe ya mwisho. Nevi kwanza kwa sababu inakubali karibu kila shati ambayo tayari uko nayo nyumbani. Kaki ya pili kwa sababu iko mbali kabisa na nevi, hizo mbili tu zikikuwa safi umeshavuka wiki. Jango grini inangoja kwa sababu ndio ngumu kuipata kivuli sahihi, na mtu akiwa na haraka huishia na ile ya njano.

Binamu alienda na chino za pamba, zile nene kiasi, si zile za poliesta zinazong'aa. Poliesta inayong'aa inaharibu hizi rangi, kijivu kinakuwa cha sare na kaki inakuwa ya dereva.

Juu akachukua tano: shati nyeupe, shati ya bluu nyepesi, polo ya nevi, polo ya kijivu chepesi kuliko ile suruali, na shati ya jango grini. Hii ya mwisho tuliichagua iwe nyepesi kidogo kuliko suruali ya jango grini, ndio ikikaa juu ya suruali ya nevi isipotelee. Nyeupe na bluu nyepesi haziko kwa zile nne lakini bila hizo kila kitu kinakuwa kizito, hasa na joto la Kisumu ambapo shati iliyokoza inaonyesha jasho mapema.

Sasa hesabu. Suruali nne mara shati tano ni 20. Toa zile tatu ambapo juu na chini ni rangi moja, yaani nevi na nevi, kijivu na kijivu, jango na jango, unabaki na 17. Tulizipiga picha zote 17 za nyeusi na nyeupe, na moja ikaanguka: polo ya kijivu juu ya suruali ya kaki. Zote ni nyepesi, kwa picha zikawa kitu kimoja na mtu akaonekana amefunikwa vumbi. Hiyo akaiacha, zikabaki 16. Nguo tisa, mavazi 16, na hakuna moja anahitaji kufikiria asubuhi.

Hatua ya tano: kwepa sare

Hili ni jambo la kwetu na linafaa kuangaliwa kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu hizi rangi nne ndizo hizo hizo sare nyingi za Kenya zinatumia. Ukivaa nevi juu mpaka chini, watu watakuuliza geti inafungwa saa ngapi. Jango grini juu na chini wewe ni NYS. Na ile nguo ya madoadoa ya jeshi achana nayo kabisa, hata kama ni jango grini ya kupendeza kiasi gani, sheria haimruhusu raia kuvaa sare za KDF ama kitu cha kufanana nazo, na hakuna haja ya kujieleza kwa mtu barabarani.

Kwa binamu sare ilikuwa ya shule. Suruali ya kijivu na shati nyeupe ni mavazi safi sana mahali pengine, lakini akiwa kazini anaonekana mtoto wa fomu foo, na yeye mwenyewe ana sura changa. Kwa hivyo hiyo moja aliitoa kwa siku za kazi, akabaki na 15 za shule. Suruali yenyewe hakuiacha. Anaivaa na shati ya jango grini, na hapo hakuna wa kumchanganya na mwanafunzi, kwa sababu ule upande wa joto umeingia. Kama kazini kwenu ama shule ya jirani ina sare yake, fanya vivyo hivyo: jua ni mchanganyiko gani mmoja au mbili ndio wao, toa huo tu, usiogope rangi yenyewe.

Wiki yake ya kwanza ilikaa hivi: Jumatatu suruali ya nevi na shati ya bluu nyepesi, Jumanne kaki na polo ya nevi, Jumatano kijivu na shati ya jango grini, Alhamisi jango grini na shati nyeupe, Ijumaa nevi na polo ya kijivu. Jumamosi kulikuwa na matanga Luanda, huko huko Vihiga, akaenda na ile nevi tena, na shati nyeupe ikiwa imeshafuliwa.

Hatua ya sita: koti, viatu na mshipi

Vihiga asubuhi kuna baridi ambayo Kisumu hatuijui, kwa hivyo anahitaji kitu cha juu. Sweta ya nevi haikuwezekana kwa sababu ya wanafunzi. Jaketi ya nevi pia ina shida yake hata kwa mtu mwingine yeyote: juu ya suruali ya nevi ya kitambaa tofauti, bluu mbili zinakaribiana bila kufanana na inaonekana ni suti imepoteza mwenzake. Sheria ninayoitumia ni hii, jaketi iwe rangi ya ile suruali unaivaa kwa nadra siku za baridi. Kwake ni kaki, kwa sababu hiyo ni ya siku za joto. Jaketi nyepesi ya kaki inakaa juu ya nevi, juu ya kijivu na juu ya jango grini bila shida, na siku amevaa suruali ya kaki anaikunja kwa mkono tu. Watu wa Nakuru ambao baridi yenu ni ya kila siku, mnaweza kutaka jaketi mbili, ya pili iwe jango grini.

Viatu sitakawia. Kahawia ya katikati, sio ile nyepesi ya machungwa na sio ile imekaribia kuwa nyeusi, inaingia na suruali zote nne. Kiatu chepesi cha kaki juu ya suruali ya kaki kinafanya mguu uonekane umeendelea mpaka chini bila mwisho. Nyeusi ni sawa na nevi na kijivu, lakini kwa kaki inakata ghafla sana, kama uko na pea moja tu iwe kahawia. Mshipi ufuate kiatu, ukaribie tu, hauhitaji kulingana kabisa. Soksi zifuate suruali. Raba nyeupe za wikendi zinaingia na kila kitu mradi ziwe zimeoshwa.

Hatua ya saba: zifue zisihame daraja

Hii kazi yote inaharibika kwa kamba ya nguo. Jua la huku ni kali, na nevi iliyoanikwa juani kila wiki bila kugeuzwa ndani nje inapauka mpaka inakuwa bluu ya zambarau, halafu unashangaa kwa nini haimechi tena na kaki. Geuza nguo ndani nje kabla ya kufua na kuanika, tumia maji baridi, anika kivulini ama uitoe juani mara tu ikikauka. Nevi na jango grini fua pamoja, kaki na kijivu pamoja, nyeupe peke yake, na mara mbili tatu za kwanza nevi mpya iwe peke yake kabisa.

Jiki isikaribie hata moja kati ya hizi nne. Jango grini na kaki za bei nafuu mara nyingi hupigwa dai ambayo klorini inaiua haraka, tone moja linatoa doa la rangi ya kutu ama la kupauka ambalo halitoki. Kwa kaki kuna adui mwingine asiyejulikana sana. Sabuni nyingi za unga huwekwa dawa ya kung'arisha, ile inafanya nguo nyeupe itoe mng'ao wa bluu juani. Kwa nyeupe ni nzuri. Kwa kaki, inafunika ule mchanga polepole mpaka suruali inakuwa na weupe wa ajabu, na mahali umemwaga unga moja kwa moja kunabaki mabaka. Tafuta sabuni ya nguo za rangi, na kama ni ya unga, iyeyushe kwa maji kabla ya kutia nguo.

Kila baada ya miezi kadhaa rudia ile picha ya nyeusi na nyeupe. Nevi ikipauka ikafika daraja la jango grini, usiitupe, mpelekee fundi wa dai na umwambie nevi, kama kitambaa ni pamba. Uzi utabaki na rangi yake ya zamani, na kwa nevi hauonekani sana ukiwa umevaa. Jango grini usiipige dai upya, karibu kila mara inarudi ya kijani mno. Hiyo ikichoka, ishushe iwe ya shamba, utafute ingine kwa utulivu mahali pana jua.